Ujumbe wa kuomba kazi kwa mwenye hadwea asiyekujua

*Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya uhasibu, nimefanya kazi miaka minne kwenye duka la jumla hapa Mwanza, sasa najitegemea. Nimewatumia wenye maduka ya vifaa vya ujenzi ujumbe ufuatao kwa New broadcast ya WhatsApp, namba nimezitoa kwenye mabango yao. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mmoja aliyeniuliza "wewe ni TRA?" Naomba unisaidie kuuandika upya, uwe mfupi na wa kikazi.*

*"Habari za wakati huu ndugu mfanyabiashara, natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya kujenga taifa. Mimi ni mtaalamu wa uhasibu mwenye uzoefu mkubwa na weledi wa hali ya juu. Natoa huduma zote za uhasibu, ukaguzi, ushauri wa kodi, ritani za VAT, mishahara, kusajili kampuni BRELA, TIN, leseni, michanganuo ya biashara na mengine mengi kwa bei nafuu sana. Je, unajua kwamba biashara nyingi zinafungiwa kwa kutotunza hesabu? Usisubiri TRA waje ndipo uhangaike! Nipe nafasi nikuthibitishie, hutajuta. Kwa mawasiliano zaidi nipigie. Mungu akubariki, karibu sana."*

Marahaba. Kabla ya kugusa maneno, tuangalie njia uliyoyapitishia, kwa sababu huenda wengi wa watu hao hawajauona ujumbe wako kabisa. Ujumbe wa New broadcast humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Mwenye duka ambaye wewe ndiye uliyenakili namba yake kutoka kwenye bango hajakuhifadhi popote, kwa hiyo haumfikii, na kwako unabaki kama vile simu yake imezimwa. Ushikilie huo ujumbe kwa kidole, fungua maelezo yake, uone umewafikia akina nani. Nadhani utakuta majina machache sana, na huyo aliyekuuliza kama wewe ni TRA atakuwa mmoja wa waliokuwa na namba yako tangu ulipokuwa duka la jumla.

Kwa hiyo usihesabu kimya chao kuwa wamekukataa. Ukianza upya, tuma kwa mtu mmoja mmoja. Usitumie kitufe cha kusambaza, maana juu ya ujumbe hutokea neno Forwarded, na mwenye duka anajua hapohapo kwamba si yeye aliyeandikiwa. Andika, au nakili na kubandika, kisha badilisha jina la duka na kile ulichokiona pale.

Sasa maneno yenyewe. Swali la "wewe ni TRA?" lichukulie kwa uzito, kwa sababu huyo ndiye msomaji pekee aliyekwambia alichokisoma. Hakuona mhasibu. Aliona mtu asiyemkumbuka, anayejua kwamba ana duka, anayemtajia kufungiwa na kumwonya asisubiri TRA waje. Wewe ulikusudia kumwamsha. Kwake yeye, sentensi ile ina sauti mbili tu zinazowezekana: ya ofisa, au ya kishoka anayetaka pesa ili anyamaze. Mtu wa kazi yetu anaomba aingizwe kwenye siri za duka: mauzo, madeni, faida, mishahara. Anayeomba kuingizwa humo hawezi kuanza kwa kutisha. Iondoe sentensi hiyo, na usiirudishe hata kwa lugha laini. Vilevile usije kumwandikia mtu kwamba ulinunua kitu dukani kwake ukaona hatoi risiti ya EFD. Hata kama ni kweli, na hata kama nia yako ni kumsaidia, ataisoma kama vitisho.

Turudi mwanzo. Ujumbe wako anauona kwanza kwenye kioo cha simu iliyolala kaunta, pengine mbele yake kuna fundi anahesabiwa nondo. Kinachoonekana bila kufungua ni mstari mmoja au miwili. Kwako mistari hiyo yote imekwenda kwa "Habari za wakati huu ndugu mfanyabiashara, natumaini u mzima wa afya". Hayo ni maneno yaleyale anayotumiwa na watu wa mikopo ya haraka na wa viwanja vya bei ya kutupa. "Ndugu mfanyabiashara" inamwambia kwamba hujui jina lake wala la duka lake.

Wapo wanaofundisha kwamba salamu uiache kabisa, uingie kwenye hoja moja kwa moja. Hapa kwetu sikubaliani nao. Mtu mzima akipokea ujumbe usio na salamu kutoka kwa asiyemjua, anahesabu kwamba amedharauliwa, na hoja yako haitasomwa hata ikiwa nzuri. Salamu iwepo, iwe moja, iwe fupi. "Habari za kazi" inamfaa kila mwenye duka. "Shikamoo" iandike pale tu unapojua kwa hakika kwamba unamwandikia mzee. "Bosi" ni lugha ya madalali, na "mpendwa" waachie wanaofahamiana. Mara baada ya salamu sema jina lako, kazi yako na mahali ulipo, vyote ndani ya ule mstari unaoonekana bila kufungua. Mahali ni muhimu kuliko unavyodhani: mhasibu aliyeko Nyakato ni mtu anayeweza kupatikana akikosea, na mwenye duka anapima hilo kabla ya kupima elimu yako.

Baada ya salamu ukamwaga orodha: uhasibu, ukaguzi, kodi, mishahara, BRELA, TIN, leseni, michanganuo. Orodha ya namna hiyo huandikwa kwenye vibao vya wanaojaza fomu nje ya ofisi za serikali, na ndiko msomaji anakokupeleka. Isitoshe kuna mawili humo ambayo yanaweza kukuletea matatizo. Ukaguzi wa hesabu si kazi ya mwenye diploma. Ni ya wahasibu waliosajiliwa na NBAA kuifanya kazi hiyo kwa umma. Mshauri wa kodi naye husajiliwa. Ukijiandika mkaguzi bila usajili, umeahidi usichoruhusiwa kukiuza, na mwenye duka ambaye tayari ana mkaguzi ataligundua hilo kabla ya mtu mwingine. Andika kile unachokifanya kwa mikono yako: kuandika hesabu, kuzipanga na kuzilinganisha.

Watu wengi wakiambiwa wafupishe, hukata maneno na kuacha mawazo yaleyale. Wako ukikatwa hivyo ungekuwa hivi:

> Habari za kazi. Mimi ni mhasibu mwenye uzoefu. Natoa huduma za uhasibu, VAT na mishahara kwa bei nafuu. Ukihitaji, nipigie.

Ni mfupi kweli, lakini haujapona. Hakuna ndani yake kitu ambacho mwenye duka anaweza kukijibu. "Ukihitaji, nipigie" inamwachia yeye kazi ya kufikiri anahitaji nini, na mtu mwenye wateja kaunta hafanyi kazi hiyo. "Bei nafuu" bila kusema ya kitu gani inamfanya ahisi kuna walakini. Ujumbe haufupiki kwa mkasi. Unafupika pale unapochagua kazi moja ndani ya duka lake, ambayo yeye mwenyewe akiisoma ataitambua, ukaacha nyingine zote zisubiri siku mtakayokuwa mmeshazoeana.

Kazi gani, basi? Fikiria maduka ya vifaa vya ujenzi unavyoyajua. Mauzo ya taslimu hayamnyimi mwenye duka usingizi. Kinachomsumbua ni mali kauli: fundi anachukua mifuko kumi ya saruji na kilo mbili za misumari asubuhi, anaandikwa kwenye kaunta buku, atalipa mwenye nyumba akimlipa. Majina yanaandikwa kwa tarehe, moja chini ya jingine, na fundi huyohuyo anaonekana kwenye kurasa saba tofauti, mara kwa jina lake, mara "fundi wa Buhongwa". Akilipa nusu, nusu hiyo inaandikwa pembeni kwa kalamu nyingine. Mwenye duka akiulizwa anadai jumla kiasi gani, hajui. Akiulizwa deni gani limepitisha miezi miwili, hajui pia, mpaka aketi na kitabu usiku mzima.

Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Ina sifa tatu zinazoifaa ujumbe wa kwanza kwa mtu asiyekujua. Inaonekana kwa mteja yeyote aliyesimama kaunta, kwa hiyo ukiitaja hutaonekana umepeleleza. Haimwaibishi mtu, kwa sababu karibu maduka yote ya aina hiyo yanakopesha. Na matokeo yake ni pesa inayorudi mfukoni mwake mwenyewe, haigusi kodi wala serikali.

Tengeneza ukurasa mmoja wa mfano, kwenye Excel, wa duka la kubuni. Tuseme duka hilo lina wadaiwa 18 na jumla ya madeni ni sh 6,840,000. Ukurasa uligawe deni la kila mtu kwa umri wake: lisilozidi siku 30, la siku 31 hadi 60, na lililozidi 60. Katika mfano wetu, yasiyozidi siku 30 ni sh 2,900,000, yanayofuata ni sh 1,740,000, na yaliyozidi siku 60 ni sh 2,200,000. Kisha panga wadaiwa wa kundi la mwisho kuanzia mwenye deni kubwa, ili ionekane kwamba watatu wa juu peke yao wanashikilia sh 1,650,000. Mwenye duka akiuona ukurasa huo, haelezwi faida ya uhasibu. Anaona watu watatu wa kuwapigia simu kesho asubuhi. Juu ya ukurasa andika wazi kwamba takwimu ni za mfano. Na usithubutu kuchukua takwimu za duka la jumla ulikofanyia kazi, hata ukificha majina. Wafanyabiashara wa mji mmoja wanatambuana kwa kiasi cha deni tu, na atakayetambua atajiuliza zake utampelekea nani.

Ukiwa na ukurasa huo mkononi, ujumbe unajiandika. Huu ndio ningeutuma kwa duka nisilolijua:

> Habari za kazi. Naitwa (jina lako), mhasibu wa kujitegemea, niko Nyakato. Namba nimeitoa kwenye bango la duka lako la Igoma.
>
> Jumamosi nilinunua rangi hapo, nikaona mafundi wanachukua mzigo kwa mali kauli na kuandikwa kwenye kaunta buku. Kazi yangu ni kuligeuza daftari kama hilo liwe ukurasa mmoja: nani anadaiwa, kiasi gani, na deni lina siku ngapi. Nimefanya kazi ya hesabu miaka minne kwenye duka la jumla hapa Mwanza.
>
> Naomba nipite Alhamisi saa nane mchana nikuonyeshe ukurasa wa mfano, dakika kumi. Daftari lako sitahitaji kuliona. Nipite?

Angalia kilichobadilika. Umemwambia namba yake umeipata wapi kabla hajauliza, na hilo linaondoa wasiwasi wa kwanza wa kila mtu anayepokea ujumbe wa mgeni. (Namba zinazouzwa kwenye orodha usizinunue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na zaidi ya sheria, hutakuwa na jibu mtu akikuuliza umempataje.) "Uzoefu mkubwa na weledi wa hali ya juu" vimetoka, mahali pake kuna miaka minne kwenye duka la jumla, jambo analoweza kulipima. Kwamba ulinunua rangi iwe kweli. Nenda ununue, hata brashi ya kupakia, usimame kaunta, uangalie. Ukiandika umeona mali kauli kwenye duka lenye bango la "Leo taslimu, kesho mkopo", umejimaliza.

Sentensi ninayoithamini kuliko zote humo ni "Daftari lako sitahitaji kuliona". Wahasibu wengi wanaoanza huomba wapewe vitabu wakavipitie bure, wakidhani bure inavutia. Kwa mwenye duka, kumpa mgeni kaunta buku ni kumpa majina ya wateja wake wote na siri ya mauzo yake. Bei ya sifuri haipunguzi hofu hiyo hata kidogo. Wewe unaomba dakika kumi tu, unakuja na karatasi yako, unaondoka nayo au unamwachia. Na ombi lako linajibika kwa neno moja. Akiandika "pita" au "sawa", umepata. Akiandika "Ijumaa", umepata zaidi.

Ukurasa wa mfano usiuambatanishe kwenye ujumbe wa kwanza. Faili la PDF kutoka namba ngeni halifunguliwi, na wengi wameshaonywa wasifungue. Akikujibu kwamba yuko mbali au hana nafasi, hapo ndipo umuulize kama umtumie picha ya ukurasa, na uitume kama picha inayosomeka bila kukuzwa.

Kwa wale waliokujua ulipokuwa duka la jumla, ujumbe unakuwa mfupi zaidi, kwa sababu kuaminika kumeshafanya nusu ya kazi:

> Habari za kazi (jina lake). Ni (jina lako), yule wa meza ya ankara pale duka la jumla. Nimeacha kazi pale, sasa najitegemea: nawapangia wenye maduka madeni ya mafundi kwenye ukurasa mmoja, wajue nani amepitisha siku 30. Naomba nipite wiki ijayo nikuonyeshe mfano, dakika kumi. Siku gani duka linakuwa tulivu?

Hapa pana mtego. Wewe unajua huyu bwana alikuwa akinunua nini, kwa kiasi gani, na pengine anadaiwa na mwajiri wako wa zamani. Hayo yote hayapo. Usiyataje, usiyadokeze, na usimwambie anaweza kupata mzigo mahali pengine kwa bei nzuri. Akiona unatumia siri za ulikotoka, atajua zake zitakwenda wapi ukiondoka. Nenda pia kaangalie mkataba wako wa zamani kama ulikuzuia kuwafuata wateja wa pale kwa muda fulani.

Yule aliyekuuliza kama wewe ni TRA mjibu leo, kabla ya kumtumia mtu mwingine yeyote, maana bado ana swali mkononi:

> Hapana, mimi si wa TRA wala ofisi yoyote ya serikali. Ni (jina lako), niliyekuwa meza ya ankara duka la jumla. Samahani, ujumbe wangu wa kwanza haukueleweka. Kazi yangu ni kupanga madeni ya mafundi kwenye ukurasa mmoja, mwenye duka ajue nani wa kumdai kwanza. Nikipita karibu na dukani kwako nikuonyeshe mfano?

Kuna maduka makubwa yenye matawi na meneja, ambayo hutaka barua pepe. Hapo usigeuke ukaandika barua ya serikali yenye "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kichwa cha barua pepe kibebe kazi yenyewe, kwa mfano "Madeni ya mafundi, matawi matatu: ukurasa mmoja kwa wiki". Kwenye simu kichwa kirefu hukatika, kwa hiyo neno zito liwe mwanzoni. Ndani yake maneno ni yaleyale ya WhatsApp, isipokuwa sentensi ya tatizo inabadilika, kwa sababu tatizo la mwenye matawi ni tofauti: fundi aliyezuiwa kukopa tawi la Igoma anakwenda kukopa tawi la Buhongwa, na hakuna anayejua mpaka mwisho wa mwezi. Andika hivyo, kwa sentensi moja:

> Fundi mwenye deni la zamani tawi moja anaweza kukopa upya tawi jingine, na madaftari mawili hayaonani. Naunganisha madeni ya matawi yote kwenye ukurasa mmoja kila Jumamosi.

Meneja wa mauzo akiisoma, atakumbuka jina la fundi kabla hajafika mwisho.

Bei nayo ina mjadala. Wengine hushauri isitajwe kabisa. Mimi kwenye ujumbe wa kwanza siiandiki, kwa sababu bado hajajua ananunua nini, lakini nataka uwe nayo tayari, maana jibu la kwanza la wengi litakuwa "bei gani?" Usijibu "tutaelewana" wala "inategemea". Gawa mara mbili. Kupanga madeni yote mara moja ni kazi yenye mwisho, kwa hiyo ina bei kamili: kadiria kitabu chenye wadaiwa 20 hivi kitakuchukua muda gani, na utaje kiasi kimoja, tuseme sh 60,000. Kazi ya kila wiki au mwezi ndiyo inayotegemea idadi ya miamala, na hiyo useme utaitaja baada ya kumaliza ya kwanza:

> Kupanga madeni yaliyopo mara moja ni sh 60,000, nusu nikianza na nusu nikikukabidhi ukurasa. Nafanyia hapohapo dukani, kitabu hakitoki. Ukipenda niendelee kila wiki, nitakutajia bei nikishaona mzunguko wako.

"Kitabu hakitoki" ina nguvu kuliko punguzo la bei.

Kuhusu siku ya kutuma, wewe unaijua kalenda kuliko fundi simu au mpiga picha anayeomba kazi, hivyo itumie. Mwajiri anatakiwa kupeleka PAYE ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na ritani ya VAT inatakiwa kufika tarehe 20. Katika siku hizo, ujumbe wa mhasibu mgeni unamkuta mtu akiwa na presha ileile ya hesabu, na kila neno linanuka kodi. Kati ya tarehe 21 na 28 anapumua. Epuka pia wiki za mwisho za Machi, Juni, Septemba na Desemba, wakati awamu za kodi ya mapato zinalipwa. Kwa saa, asubuhi mafundi wanajaa kuchukua mzigo wa siku. Tuma mchana baada ya chakula, na Ijumaa subiri swala ipite.

Tuma kwa maduka matano au sita kwa wiki, si zaidi. Sababu moja ni kwamba lazima uwe umefika kila duka. Nyingine ni kwamba watu wengi wakiizuia namba yako na kuiripoti ndani ya muda mfupi, WhatsApp wanaweza kuifunga. Lakini sababu kubwa ni kwamba ukituma chache unaweza kuona nini kimekwama wapi. Ujumbe ukibaki na tiki moja kwa siku kadhaa, shida ni namba: imezimwa, haipo WhatsApp tena, au umezuiwa. Ukifika bila kusomwa, shida iko kwenye ule mstari wa kwanza unaoonekana kwenye kioo, au kwenye saa uliyotuma. (Wapo waliozima tiki za bluu, kwa hiyo usihukumu kwa mtu mmoja.) Ukisomwa na wengi wasijibu, ama tatizo ulilotaja si lao, ama ombi lako ni zito, angalia kama umerudi kuomba vitabu au kikao kirefu. Wakikwambia "pita" kisha baada ya kukuona wananyamaza, usiubadilishe ujumbe, umeshafanya kazi yake. Angalia ukurasa wa mfano na namna unavyoueleza.

Asiyejibu mkumbushe mara moja tu, baada ya wiki hivi, na ukumbusho uwe na kitu kipya. "Nakumbushia ujumbe wangu" ni kumpa deni ambalo hakulikopa. Afadhali hivi:

> Habari za kazi. Ni (jina lako), mhasibu wa Nyakato. Wiki hii nimeongeza kwenye ule ukurasa wa madeni safu ya namba ya simu ya fundi na siku aliyoahidi kulipa. Alhamisi nitakuwa Igoma. Nikuachie nakala ya mfano kaunta?

Akinyamaza tena, muache. Unaweza kupita dukani kama mteja wa kawaida na kusalimia, bila kutaja ujumbe.

Jibu moja litakalokujia mara nyingi ni "nina mhasibu tayari". Wengi wanaojitegemea hapo huanza kujilinganisha: mimi ni nafuu, mimi ni haraka. Usifanye hivyo. Mara nyingi mhasibu huyo ni mtu wa ritani, anayekuja kwa mwezi mara moja kuchukua risiti na kuondoka, na kaunta buku la mafundi hajawahi kuligusa. Ukimsema vibaya, mwenye duka atamtetea, na anastahili kutetewa. Jibu hivi:

> Vizuri, huyo aendelee, kazi yake siigusi. Mimi sifanyi ritani. Napanga madeni ya mafundi tu, na ukurasa naweza kumpa nakala na yeye akiutaka. Kama madeni hayo anakupangia tayari, basi hunihitaji. Kama bado, nipite lini?